Usinunue chandarua kabla ya kuhesabu matundu na kusoma lebo

MVUA za Oktoba hadi Desemba zinapokatika katika eneobunge la Masinga, kaunti ya Machakos, maji hubakia katika mitaro, alama za kwato na kingo za mabwawa, na mbu huzaana kwa wingi. Huo ndio msimu ambapo wenye maduka katika vituo vya biashara kama Ekalakala huning'iniza vyandarua mlangoni: vyeupe, vya samawati na vya kijani, vya mraba na vya duara, vingine vikiwa na lebo na vingine havina hata jina la mtengenezaji.

Mnunuzi wa Ekalakala ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenzake wa Siaya au Kilifi. Kampeni kubwa za serikali za kugawa vyandarua bila malipo huelekezwa hasa katika kaunti zilizo kando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani, ambako malaria huwapo mwaka mzima. Katika sehemu nyingi za Ukambani ugonjwa huu hufuata misimu ya mvua, kwa hivyo mwenye nyumba mara nyingi hujinunulia chandarua dukani. Anayejinunulia hana mtaalamu wa kumpimia. Macho yake na lebo ndivyo vinavyomlinda.

Kinga inayotafutwa si ndogo. Watafiti waliofuatilia watoto wa umri wa chini ya miaka mitano katika wilaya nne za Kenya, mojawapo ikiwa Makueni, walichapisha matokeo yao mwaka wa 2007. Watoto waliolala chini ya vyandarua vyenye dawa walikabiliwa na hatari ya kufa iliyokuwa ndogo kwa asilimia 44 ikilinganishwa na ya wenzao ambao hawakuvitumia. Miaka kadhaa kabla ya hapo, katika jaribio la Kilifi lililofanywa miaka ya 1990, vifo vya watoto vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33. Katika uchunguzi wote huo chandarua kilichozungumziwa ni chenye dawa. Kitambaa kitupu chenye matundu hakikuleta matokeo hayo.

Yafuatayo basi ni mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyakagua akiwa bado amesimama dukani, pamoja na yale ambayo hawezi kuyakagua na inambidi ategemee chapa.

Uzi na uzito wake

Vyandarua vingi vinavyouzwa siku hizi vimefumwa kwa poliesta au kwa polithini. Poliesta hutambulika kwa ulaini wake. Kila uzi una nyuzi nyingi nyembamba zilizoshikamana, na ukiushika unakaribiana na pamba. Polithini ni uzi mmoja mzima, mgumu kidogo, na chandarua chake husimama kama wavu. Watu wengi hupenda poliesta kwa sababu ya ulaini huo, lakini polithini huwa na uzi mnene zaidi na hustahimili mikwaruzo ya vitanda vya mbao na vya kamba.

Tofauti nyingine ni mahali dawa inapokaa. Katika vyandarua vya poliesta, dawa hupakwa juu ya uzi kwa gundi maalumu. Katika vile vya polithini, dawa huchanganywa na plastiki kabla ya uzi kuvutwa, nayo hujitokeza polepole kutoka ndani kuja juu. Ndiyo sababu chandarua cha polithini kikifuliwa huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya nguvu yake kurejea kikamilifu.

Vyandarua vya pamba bado hushonwa na mafundi wengine. Pamba hupendeza na hupitisha hewa, lakini hufyonza unyevu, huoza, na haifai kwa dawa inayokusudiwa kudumu miaka mitatu.

Kwenye lebo ya poliesta utaona neno denia likifuatiwa na namba, kwa kawaida 75 au 100. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 75 ni mwembamba kuliko wa denia 100, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyoraruka kwa urahisi. Kwa nyumba yenye watoto wanaoruka kitandani, denia 100 ina thamani ya pesa za ziada.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawajui ni kwamba namba hii inaweza kukaguliwa kwa mizani ya kawaida ya dukani. Kitambaa cha chandarua cha denia 75 chenye matundu ya kawaida huwa na uzito wa karibu gramu 30 kwa kila mita mraba. Cha denia 100 huwa na karibu gramu 40.

Tuchukue mfano wa chandarua cha mraba chenye upana wa sentimita 190, urefu wa 180 na kimo cha 150. Paa lake ni mita 1.9 mara 1.8, yaani mita mraba 3.42. Kuta zake nne zina mzunguko wa mita 7.4; ukizidisha kwa kimo cha mita 1.5 unapata mita mraba 11.1. Jumla ni karibu mita mraba 14.5. Kwa hivyo chandarua hicho kikiwa cha denia 100 kitakuwa na karibu gramu 580, na kikiwa cha denia 75 kitakuwa na karibu gramu 435. Kamba na mishono huongeza kidogo. Lebo ikidai denia 100 nacho kikipima gramu 430 bila mfuko, mmoja kati ya lebo na mizani haisemi kweli, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha rafuni.

Hesabu hii ni ya poliesta pekee. Polithini huwa na uzi wa denia 100, 120 au 150 na matundu ya ukubwa mbalimbali, kwa hivyo uzito wake hauwezi kulinganishwa kwa namna hiyo.

Ukubwa wa matundu

Kipimo kilichozoeleka kwa vyandarua vya poliesta ni matundu 156 katika kila inchi moja mraba, ambayo ni sawa na karibu matundu 24 katika sentimita moja mraba. Tundu la kiasi hicho humzuia mbu kupita lakini huruhusu hewa.

Kuhesabu hakuhitaji kifaa cha maabara. Chukua kipande cha karatasi ngumu, hata cha boksi la biskuti, ukate dirisha la mraba lenye sentimita 2 kila upande. Tandaza chandarua juu ya kitu cheusi bila kukivuta, uweke karatasi juu yake, kisha uhesabu matundu kwa ncha ya kalamu. Unatarajia kupata karibu 96. Rudia mahali pengine pawili, mojawapo pakiwa paa. Ukipata 90 au 100 hakuna shida, kwani matundu ya pembeni hukatwa na ukingo wa karatasi. Ukipata 50 au 60, kitambaa hicho kina matundu mapana kuliko kawaida na yakupasa kuuliza ni kwa nini.

Sababu inaweza kuwa halali. Olyset, chandarua cha polithini cha kampuni ya Kijapani ya Sumitomo ambacho kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kukitengeneza mwaka wa 2003, kilibuniwa makusudi kiwe na matundu mapana ili hewa ipite katika nchi zenye joto. Mbu anaweza kujaribu kujipenyeza, lakini akigusa uzi hupata dawa ya permethrini. Katika muundo kama huo dawa ndiyo ukuta, na kitambaa ni fremu tu. Ukiondoa dawa, ukuta haupo tena.

Kanuni inayofuata ni rahisi kukumbuka: matundu mapana bila dawa hayafai kwa mbu. Kitambaa cha wavu mpana kisicho na lebo, hata kikiwa na urembo gani, ni pazia.

Kwa upande mwingine, matundu madogo kupita kiasi nayo yana kasoro yake. Masinga ni eneo la joto, na chandarua kizito kisichopitisha hewa hutundikwa kwa wiki moja kisha hufungwa fundo juu ya kitanda hadi mwaka uishe. Matundu 156 kwa inchi mraba ndiyo wastani mzuri kwa anayenunua poliesta.

Dawa: jina moja, bidhaa tofauti

Dawa karibu zote zinazotiwa katika vyandarua ni za jamii ya pairethroidi. Hizi ni ndugu wa kiwandani wa sumu ya asili inayopatikana katika ua la pareto, ambalo wakulima wa Kenya wamelilima kwa miongo mingi. Majina yanayoonekana kwenye lebo ni deltamethrini, alfa-sipamethrini au permethrini. Hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu na kumwangusha upesi.

Zamani chandarua kilichovywa katika dawa nyumbani kilihitaji kurudiwa kila baada ya miezi sita hadi mwaka, na wengi hawakurudia. Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa msimamo kwamba mipango ya serikali inunue tu vyandarua vyenye dawa ya kudumu. Kwa kipimo cha shirika hilo, chandarua cha namna hiyo ni kile ambacho dawa yake inabakia na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 na kutumiwa miaka mitatu nyumbani. Maneno yasemayo dawa ni ya kudumu ndiyo ya kwanza kutafutwa kwenye mfuko. Lebo inayosema tu kwamba chandarua kimetiwa dawa haikuambii itakaa muda gani.

Tatizo lililojitokeza tangu wakati huo ni usugu. Mbu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wamezoea pairethroidi na hawafi kama walivyokuwa wakifa. Watengenezaji wamejibu kwa njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuongeza kemikali ifahamikayo kwa kifupi kama PBO. Yenyewe haiui mbu kwa kiasi kinachotiwa. Kazi yake ni kuzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuivunjavunja sumu mwilini mwake, ili pairethroidi ifanye kazi yake.

Njia ya pili ni kuongeza dawa ya jamii nyingine kabisa iitwayo klorfenapiri, ambayo hukata uwezo wa seli za mbu kuzalisha nguvu. Uzito wa tofauti hiyo ulionekana katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, Tanzania, katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2022. Vijiji viligawanywa katika makundi na kupewa aina nne za vyandarua. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vilivyopata vyandarua vya pairethroidi peke yake, karibu watoto 46 kati ya kila 100 waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Katika vijiji vilivyopata vyandarua vyenye klorfenapiri pia, walikuwa karibu 26. Mnamo Machi 2023 WHO ilipendekeza kwamba aina hii itumiwe badala ya ile ya pairethroidi pekee mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Hapa kuna mtego kwa mnunuzi. Klorfenapiri huua polepole; mbu anaweza kuendelea kuruka na akafa siku ya pili au ya tatu. Anayeamka asubuhi akitafuta mbu waliokufa juu ya shuka ili athibitishe nguvu ya chandarua atakihukumu vibaya chandarua bora kuliko vyote alivyowahi kununua.

Mtego wa pili ni majina. Chapa moja inaweza kuwa na bidhaa mbili au tatu zenye yaliyomo tofauti, na mfuko ukafanana. PermaNet 2.0 ina deltamethrini peke yake. PermaNet 3.0 imeongezwa PBO katika paa. PermaNet Dual ina deltamethrini pamoja na klorfenapiri. Vivyo hivyo Interceptor ina alfa-sipamethrini tu ilhali Interceptor G2 imeongezwa klorfenapiri, nayo Olyset Plus ina PBO ambayo Olyset ya kawaida haina. Mnunuzi anayesoma neno la kwanza na kuacha la pili hajui alichonunua. Vyandarua vya aina hizi mpya hununuliwa zaidi na serikali na wafadhili kuliko wenye maduka, lakini vikipatikana, vyenye klorfenapiri ndivyo vya kuchukuliwa kwanza, vyenye PBO vifuate, na vya pairethroidi pekee viwe chaguo la tatu. Hicho cha tatu nacho ni bora mno kuliko kisicho na dawa.

Yale usiyoweza kupima

Uzi unaweza kupimwa na matundu yanaweza kuhesabiwa, lakini hakuna njia ya nyumbani ya kujua kiasi cha dawa. Katika chandarua kile cha mita mraba 14.5, deltamethrini ikiwa miligramu 55 kwa kila mita mraba, dawa yote haifiki gramu moja. Haionekani, na harufu si ushahidi, kwa kuwa plastiki mpya nayo hunuka. Mwasho mdogo usoni au mikononi siku za mwanzo hutokea kwa baadhi ya watu kisha huisha, lakini kuuhisi au kutouhisi hakuthibitishi kipimo.

Maabara huthibitisha kwa kutumia mbu wenyewe. Mbu hufungiwa kwa dakika tatu juu ya kipande cha chandarua, kisha huhesabiwa walioanguka baada ya saa moja na waliokufa baada ya saa 24. Kwa dawa za pairethroidi, chandarua hufaulu ikiwa angalau asilimia 95 wameanguka au angalau asilimia 80 wamekufa. Majaribio ya namna hii hufanywa humu nchini na wataalamu kama wale wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI. Mwenye nyumba hana nafasi hiyo. Hununua uaminifu wa mtu mwingine aliyepima.

Uaminifu huo una ngazi tatu, na kila moja ina alama yake. Ya kwanza ni orodha ya WHO ya vyandarua vilivyokaguliwa na kukubaliwa, ambayo huwekwa wazi na yeyote anaweza kuisoma. Chapa zilizotajwa hapo juu zimo, pamoja na nyingine kama DuraNet, MAGNet na Royal Sentry. Ya pili ni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, PCPB. Kwa kuwa chandarua chenye dawa ni bidhaa ya kuua wadudu, kinapaswa kusajiliwa na bodi hiyo na kuwa na namba ya usajili kwenye mfuko. Ya tatu ni Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Namba iliyo chini ya alama yake inaweza kuhakikiwa kwa simu yoyote, kwa kutuma ujumbe wa SM# ukifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Jibu hutaja bidhaa na kampuni. Kama jibu linataja unga wa ngano ilhali umeshika chandarua, alama hiyo imeibwa.

Hata hivyo, jina kubwa peke yake si dhamana ya milele. Mwaka wa 2020 ulichapishwa uchunguzi wa Papua Guinea Mpya kuhusu vyandarua vipya ambavyo havijawahi kutumiwa, vya chapa inayojulikana duniani. Vile vilivyotengenezwa hadi mwaka wa 2012 viliua mbu wote waliojaribiwa. Kati ya vilivyotengenezwa kuanzia 2013 hadi 2019, ni asilimia 17 tu vilivyofanya hivyo.  Funzo kwa mnunuzi ni kwamba tarehe ya kutengenezwa na namba ya fungu si mapambo. Viandike mahali au uhifadhi mfuko pamoja na risiti, kwa sababu fungu likija kutiliwa shaka, hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kama lako limo.

Kuna alama moja zaidi ya kuangaliwa. Vyandarua vya serikali na wafadhili huwa vimeandikwa kwamba haviuzwi. Kikionekana kikiuzwa kibandani, kimetoka ghalani au zahanati kwa njia isiyo halali, na mama fulani mjamzito amekikosa.

Vyandarua vitatu juu ya kaunta moja

Tuseme sasa kwamba mkazi wa Ekalakala mwenye familia ya watu watano ameingia dukani. Kitanda kikubwa ni cha futi nne kwa sita, yaani karibu sentimita 122 kwa 183. Kanuni ni chandarua kimoja kwa watu wawili, kwa hivyo anahitaji vitatu. Mwenye duka anamwekea aina tatu juu ya kaunta.

Cha kwanza ni cha duara, chenye lesi ukingoni, na hakina lebo yoyote iliyoshonwa. Anapoweka karatasi yake yenye dirisha anahesabu matundu 58. Hana haja ya kuendelea: matundu ni mapana na dawa haikutajwa.

Cha pili ni poliesta nyeupe, laini. Lebo inasema deltamethrini, dawa ya kudumu, denia 100, matundu 156, na ina namba ya PCPB. Anahesabu matundu 95. Mizani inaonyesha uzito unaolingana na denia 100. Vyote vinakubaliana. Lakini upana ni sentimita 130. Juu ya kitanda cha sentimita 122 kitabana, na mkono wa mtoto utaegemea ukuta wa chandarua usiku kucha. Dawa husaidia, lakini ngozi inayogusa kitambaa huweza kuumwa kupitia matundu, hasa dawa ikianza kufifia.

Cha tatu kina lebo ileile, ila upana ni sentimita 190, urefu 180 na kimo 150. Upana huo unaacha zaidi ya sentimita 30 kila upande wa kitanda. Urefu wa 180 unakaribia mno wa godoro, kwa hivyo anauliza kama kuna cha sentimita 200. Kikikosekana, atapaswa kukunja miguu au kuacha nafasi upande wa kichwa. Kimo cha 150, ukitoa sentimita 30 za kuchomeka chini ya godoro, kinabakisha 120, na mtu anaweza kuketi bila kugusa paa. Anayelala juu ya mkeka chini huhitaji kimo zaidi, kwani mara nyingi kamba hufungwa kwenye mihimili ya juu.

Anachukua cha tatu. Hajachagua kwa bei wala kwa rangi, na shughuli yote imemchukua kama robo saa.

Kukitunza, na kujua kimekwisha

Chandarua kipya hutundikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kulaliwa. Hufuliwa kikichafuka, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, kwa maji baridi na sabuni ya mche. Dawa ya kung'arisha nguo haitumiki, wala hakisuguliwi juu ya jiwe. Hukaushwa kivulini, kwa maana jua kali huiharibu dawa. Wakazi wa kando ya bwawa la Masinga na mto Tana wana onyo la ziada: dawa hizi ni sumu kali kwa samaki. Chandarua kifuliwe kwenye beseni, na maji yake yamwagwe ardhini mbali na bwawa au kisima.

Matobo yanapoanza kutokea, WHO ina njia ya kuyahesabu ambayo haihitaji elimu kubwa. Tobo lisilopitisha kidole gumba hupewa alama 1. Linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi hupewa 23, linalopitisha ngumi lakini si kichwa 196, na linalopitisha kichwa 576. Jumla ikiwa 64 au chini yake, chandarua ni kizima. Kuanzia 65 hadi 642 kimeharibika lakini bado kinafaa, na sindano na uzi vitakirudisha katika hali nzuri. Kupita 642, kibadilishwe.

Kwa mfano, chandarua chenye matobo matatu yasiyopitisha kidole gumba na mawili yanayopitisha kidole gumba lakini si ngumi kina alama 49. Hakuna sababu ya kukitupa. Chenye tobo moja linalopitisha ngumi lakini si kichwa kina 196. Kishonwe jioni hiyohiyo. Chenye mpasuko mmoja mkubwa kuliko kichwa na matobo matatu yanayopitisha kidole gumba lakini si ngumi kina 645, nacho kimefika mwisho.

Yapo yasiyozuiwa na chandarua chochote. Mbu aina ya Anofelesi arabiensisi, aliyeenea katika maeneo kame ya Kenya, huuma hata nje na hufuata mifugo, kwa hivyo anayeketi uani hadi usiku hana kinga mpaka aingie kitandani. Homa ikimpata mtu katika nyumba yenye vyandarua, apelekwe akapimwe damu vilevile.

Chandarua kilichozeeka hubaki na kazi chache: kinaweza kuzibia dirisha au kufunika tundu la ukutani. Kisichoruhusiwa ni kukipeleka bwawani kuvulia. Matundu 24 katika sentimita mraba hukamata hata vifaranga vya samaki ambao hawajafika urefu wa kidole, na mabaki ya dawa huingia katika maji yaleyale ambayo wakazi huchota.